Mfupa wa Goko Usipounga



Leo katika ukurasa wetu wa afya tutajifunza juu ya mfupa uliovunjika ukashindwa kuunga. Huenda umewahi kumwona mtu wa namna hii kijijini kwako. Alivunjika mguu mwaka jana. Alifungwa plasta ngumu, ile ambayo wengine huiita hogo. Plasta ilitolewa, lakini mpaka leo anatembelea gongo. Akiukanyagia mguu wake unamuuma mahali palepale. Majirani husema amerogwa. Wengine husema kuna mtu aliyemruka alipokuwa amelala. Lakini mfupa haukatai kuunga bila sababu. Sababu zenyewe zinajulikana, na nyingi kati yake zinaweza kuondolewa.

Tutazungumza hasa juu ya mfupa wa goko. Huu ni mfupa mkubwa wa mbele, ulio kati ya goti na kifundo cha mguu. Wengine huuita muundi. Tumeuchagua mfupa huu kwa sababu katika mifupa mirefu ya mwili ndio unaoshindwa kuunga mara nyingi zaidi. Tena ndio unaovunjika sana katika ajali za pikipiki.

SHIKA GOKO LAKO

Keti chini, halafu pitisha kidole chako juu ya goko lako, kutoka chini ya goti hadi karibu na kifundo. Utaona kwamba upande wa mbele hakuna nyama. Kuna ngozi, halafu mfupa. Sasa shika paja lako. Mfupa wa paja huwezi kuugusa, maana umezungukwa na nyama pande zote.

Tofauti hii ni kubwa kwa mtu aliyevunjika. Mfupa ni kitu kilicho hai. Unakula na kuvuta hewa safi kama viungo vingine, na chakula chake na hewa yake huletwa na damu. Damu huingia katika mfupa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya ndani. Mshipa mmoja mkubwa huingia katika goko upande wa nyuma, sehemu ya juu, halafu hushuka ndani ya mfupa kupitia kwenye uboho. Njia ya pili ni ya nje. Mishipa midogo midogo hutoka katika nyama iliyouzunguka mfupa na kuingia katika utando uliouvika mfupa.

Fikiria shamba linalomwagiliwa kwa mfereji. Goko likivunjika upande wa chini, mfereji wa ndani hukatika. Kipande cha juu bado kinapata maji, lakini kipande cha chini kinategemea vijito vya pembeni. Na pale chini karibu na kifundo vijito hivyo ni vichache, kwa kuwa nyama ni kidogo. Kama ajali pia imechana ngozi na kuung'oa utando wa mfupa, basi hata vijito hivyo vichache vimeharibika. Hii ndiyo sababu goko lililovunjika upande wa chini, pamoja na jeraha, hupona polepole kuliko paja.

JINSI MFUPA UNAVYOUNGA

Mfupa ukivunjika, damu humwagika na kuganda mahali hapo. Damu hiyo iliyoganda si uchafu. Ndiyo kazi inapoanzia. Ndani ya majuma mawili au matatu mahali hapo hujaa kitu laini kama gegedu la sikio. Gegedu hilo huzishika ncha mbili, lakini bado linapinda. Baadaye, kati ya juma la 6 na la 12, mwili hutia madini ndani yake, nalo huanza kuwa gumu. Huo sasa ni mfupa mpya. Goko la mtu mzima huchukua miezi 4 au 5 kuwa imara, na likivunjika pamoja na jeraha laweza kuchukua zaidi. Mtoto hupona upesi kuliko mtu mzima.

Ili kazi hii iende vizuri, mfupa unataka mambo mawili. La kwanza ni damu ya kutosha, yenye chakula na hewa safi ndani yake. La pili ni kutulia. Mfupa ukisogezwasogezwa sana, lile gegedu haliwezi kuwa gumu. Ni kama udongo wa ukuta mpya ambao watoto wanautikisa kila siku kabla haujakauka.

Zipo pia sababu nyingine, kama usaha ndani ya mfupa, ugonjwa wa kisukari, au dawa fulani. Tutazigusa baadaye kidogo. Lakini ukiyakumbuka mambo hayo mawili, damu na utulivu, utaelewa karibu yote yanayofuata.

MFANO WA MKULIMA MMOJA

Tuchukue mfano. Mfano huu tumeutunga, lakini kila jambo lililo ndani yake huwapata watu.

Mkulima mmoja mwenye umri wa miaka 38 anaishi katika kijiji kimoja mkoani Tabora. Analima mahindi na tumbaku. Huvuta sigara 15 kwa siku, na zikimwishia husokota tumbaku yake mwenyewe. Mwezi wa Januari alipanda pikipiki kwenda mnadani. Pikipiki iliteleza kwenye tope, ikamwangukia mguuni. Goko lilivunjika upande wa chini, na ncha ya mfupa ikatoboa ngozi.

Alipelekwa hospitali siku ileile. Jeraha lilioshwa kwa maji mengi, akapewa dawa za kuua vijidudu, na mguu ukafungwa plasta kutoka pajani hadi vidoleni. Hapa mambo yalikwenda vizuri. Jeraha la mfupa likioshwa mapema, vijidudu hukosa nafasi ya kujenga makao.

Aliambiwa arudi baada ya majuma 2, halafu baada ya majuma 6. Mara ya kwanza alirudi. Mara ya pili hakuwa na nauli. Ikafika katikati ya Machi, mvua ilikuwa inanyesha, na plasta ikalowa na kulainika. Aliikata kwa kisu. Kisha ndugu zake walimwita mtaalamu wa kukanda. Yeye alikuja kila siku ya tatu, akaukanda mguu kwa mafuta ya moto na kuunyoosha. Mkulima alisikia maumivu makali, lakini aliambiwa hiyo ndiyo dalili ya kupona.

Kwa hiyo angalia, ndugu msomaji. Juma la 10 ndipo gegedu lilipokuwa linaanza kuwa gumu. Na ndipo mguu ulipoanza kuvutwa na kusuguliwa.

Hatuandiki haya ili kuwadharau waganga wa jadi wa mifupa. Wapo wanaofunga vijiti vizuri, na mifupa mingi iliyovunjika bila jeraha imepona mikononi mwao. Lakini kuukanda mfupa ambao haujaunga ni kosa, awe anayekanda ni nani. Pia vijiti vikikazwa mno huzuia damu. Vidole vikiwa baridi, vikibadilika rangi au kufa ganzi, fungua vijiti saa hiyohiyo, usingoje asubuhi. Mguu unaweza kuoza kwa saa chache.

SIGARA INAFANYA NINI KATIKA MFUPA

Muda wote huo mkulima wetu alikuwa anavuta. Alikaa nyumbani bila kazi, kwa hiyo alivuta zaidi kuliko zamani.

Watu wengi wanajua kwamba sigara inaharibu mapafu. Lakini wakiambiwa kwamba inaharibu mguu uliovunjika, hucheka. Je, moshi unafikaje mguuni? Unafika kwa njia ya damu, na unafanya mambo mawili.

Katika tumbaku mna sumu iitwayo nikotini. Sumu hii huifanya mishipa midogo ya damu ijikaze na kuwa myembamba. Kumbuka vile vijito vichache vya chini ya goko. Mtu akivuta, vijito hivyo hubanwa. Akivuta tena baada ya saa moja, hubanwa tena. Mtu wa sigara 15 kwa siku haipi mishipa yake nafasi ya kulegea isipokuwa usiku akiwa amelala.

Jambo la pili ni ule moshi wenyewe. Ndani yake mna hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Hii ndiyo hewa inayowaua watu wanaolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Katika sigara haitoshi kumwua mtu mara moja, lakini hufanya kazi ileile. Huingia katika chembe nyekundu za damu na kukalia mahali pa oksijeni, yaani ile hewa safi tunayoihitaji. Damu inafika mguuni, lakini sehemu ya mzigo wake ni moshi. Ni kama lori lililofika kijijini, baadhi ya magunia yake yamejaa pumba.

Madaktari wamewafuatilia watu wengi waliovunjika, wavutaji na wasiovuta, wakawalinganisha. Wameona kwamba mfupa wa mvutaji una hatari ya kushindwa kuunga karibu mara mbili ya mfupa wa asiyevuta. Hata ukiunga, huchelewa. Na jeraha la mvutaji huingiwa na usaha kwa urahisi zaidi.

Mtu akiacha kuvuta, nafuu yake haichelewi. Ile hewa ya sumu hutoka katika damu kwa siku moja au mbili. Mishipa na nyama huchukua majuma kadhaa. Kwa sababu hiyo madaktari wa mifupa humtaka mgonjwa aache kuvuta majuma 4 hadi 6 kabla ya upasuaji, na asivute tena mpaka mfupa uwe umeunga. Kupunguza kutoka sigara 15 hadi 5 si kuacha. Na ugoro je? Ugoro hauna moshi, lakini nikotini imo ileile. Mtu mwenye mfupa uliovunjika auache pia.

CHAKULA CHA MFUPA

Mkulima wetu alikula ugali mara mbili kwa siku. Kitoweo chake kilikuwa mlenda. Maharage yaliyovunwa yaliuzwa ili kupata pesa za dawa. Hapa ndipo mambo hugeuka kinyume: kwa kutafuta pesa ya kutibu mfupa, familia iliuza chakula ambacho mfupa ulikihitaji.

Wengi wetu tunadhani mfupa ni chokaa tupu. Sivyo. Kwanza mwili hutengeneza nyuzi za protini, ndipo madini kama kalsiamu yanapotiwa juu yake. Nyuzi ni kama fito za nyumba, na madini ni kama udongo. Bila fito udongo hauna pa kushika.

Tufanye hesabu ndogo. Mtu wa kilo 60 aliyevunjika anahitaji gramu 70 hivi za protini kila siku. Hiyo ni zaidi ya mahitaji ya mtu mzima asiyeumia. Mkulima wetu alikula nusu kilo ya unga wa mahindi kwa siku, na humo alipata gramu 40 hivi. Mlenda uliongeza kidogo sana. Kwa hiyo alipungukiwa gramu 30 kila siku, kwa miezi mingi. Hata zile alizozipata hazikuwa kamili, maana protini ya mahindi peke yake ina upungufu ambao maharage huujaza.

Pengo hilo linazibwaje? Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kina gramu 15 hivi. Dagaa wakavu wa kujaza kiganja kimoja wana karibu kiasi hichohicho. Kikombe cha maharage mchana na dagaa usiku, hesabu imetimia. Tena dagaa huliwa pamoja na mifupa yake, na kwa hiyo huleta kalsiamu pia. Mwenye kuku apate mayai, na mwenye ng'ombe apate maziwa. Juu ya hayo ale mboga za majani, na pera, chungwa au papai, kwa kuwa vitamini C iliyomo husaidia kutengeneza zile nyuzi za protini.

Kuna jambo moja ambalo husahauliwa. Mgonjwa wa mguu hulala ndani siku nzima. Mwili hutengeneza vitamini D kwa msaada wa jua linalopiga ngozi, na bila vitamini hiyo kalsiamu ya chakula haiingii mwilini vizuri. Mtoeni nje. Akae na mikono na miguu wazi kwa muda kila siku.

Na ukiwa na maumivu, usinunue daiklofenaki dukani na kuimeza kwa miezi. Dawa za aina hiyo hupunguza maumivu vizuri, lakini zikitumiwa kwa muda mrefu zinaweza kuchelewesha mfupa, na huumiza tumbo na figo. Mweleze mganga wa zahanati akupe ushauri. Mara nyingi parasetamoli hutosha.

UTAJUAJE KWAMBA MFUPA HAUJAUNGA

Mwezi wa Juni, miezi 5 baada ya ajali, mkulima wetu aliona kwamba mguu wake umeanza kupinda. Akiukanyaga ulimuuma mahali pamoja tu, pale palipovunjika. Akiushika kwa mikono miwili aliweza kuhisi unacheza kidogo, mahali ambapo hakuna kiungo.

Hizo ndizo dalili. Maumivu ya mahali pamoja yanayoendelea baada ya miezi 4, mguu unaozidi kupinda, na mfupa unaocheza. Mtu mwingine hasikii maumivu hata kidogo, kwa sababu zile ncha zimezoea kusuguana na zimefanya kiungo cha uongo. Huyo naye hajapona. Ukiona tundu dogo linalotoa usaha, linafunga na kufunguka tena, ujue kuna vijidudu ndani ya mfupa. Hapo usingoje hata juma moja.

Mfupa ukifikisha miezi 6 bila kuwa imara, madaktari husema umechelewa. Ukifikisha miezi 9, na kwa miezi 3 ya mwisho picha za eksirei hazionyeshi maendeleo, husema umeshindwa kuunga. Lakini wewe usiihesabu miezi 9 ukiwa nyumbani. Nenda mapema. Na nenda na picha zako zote za zamani, kwa sababu daktari hawezi kujua kama kuna maendeleo bila kuilinganisha picha ya leo na ya zamani. Huangalia pande 4 za mfupa, yaani mbele, nyuma, kulia na kushoto. Pande 3 zikiwa zimeunganishwa na mfupa mpya, husema mfupa umeunga.

Mkulima wetu alikwenda mwezi wa Oktoba. Picha ilionyesha nafasi kati ya ncha mbili. Ncha zenyewe zilikuwa nyembamba na laini, kama penseli iliyochongwa.

MIFUPA MIWILI ISIYOUNGA HAIFANANI

Hapa kuna jambo ambalo linafaa kueleweka vizuri, kwa sababu matibabu yote yanalitegemea.

Wakati mwingine picha huonyesha ncha zilizovimba na kupanuka, kama mguu wa tembo. Mfupa huo una damu ya kutosha. Unajitahidi sana kujenga, lakini haujatulia. Unachohitaji ni kushikwa imara tu. Ukishikwa, mara nyingi huunga wenyewe bila kuongezewa kitu.

Wakati mwingine picha huonyesha ncha nyembamba zilizokauka, kama za mkulima wetu. Mfupa huo una njaa. Haukupata damu ya kutosha, na kazi ilikwisha simama. Ukiushika imara tu hautaunga. Lazima pia uletewe mbegu mpya, yaani mfupa hai kutoka mahali pengine.

Na kama mna usaha, usaha huondolewa kwanza. Mfupa uliokufa hukatwa na kutupwa, na mgonjwa hupewa dawa kwa majuma mengi, ndipo kujenga kuanze.

MATIBABU

Tuanze na lile jepesi. Pembeni mwa goko kuna mfupa mwembamba. Mara nyingi huo hupona upesi, halafu huwa kama nguzo inayozuia ncha za goko zisikutane. Daktari anaweza kukata kipande kidogo cha mfupa huo mwembamba, cha sentimita 2 hivi. Kisha mgonjwa hufungwa plasta au kifaa cha kushika mguu, na huambiwa atembee. Uzito wa mwili hubana ncha zikutane. Njia hii hutumika kwa goko lililonyooka, lisilo na usaha, na ambalo bado lina uhai.

Njia inayotumika zaidi ni kushika mfupa kwa chuma. Msumari mrefu huingizwa ndani ya mfupa kutoka kwenye goti hadi karibu na kifundo, na hufungwa kwa skrubu juu na chini. Au bamba la chuma hufungwa ubavuni mwa mfupa. Kuna aina ya misumari iliyotengenezwa ili iweze kuwekwa hata bila mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji, na hapa Tanzania imetumika katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili na kwingineko. Madaktari bingwa wa mifupa wapo pia Moshi katika hospitali ya KCMC, na Mwanza katika hospitali ya Bugando. Hospitali ya wilaya ndiyo inayoandika barua ya kukupeleka huko.

Mkulima wetu alihitaji msumari pamoja na mbegu. Kwanza alipimwa damu, sukari, virusi vya Ukimwi, na dalili za vijidudu mfupani. Sukari ilikuwa sawa na usaha haukuwapo, lakini damu ilikuwa pungufu. Daktari akamwambia: "Sikupasui leo. Acha sigara majuma 6, kula kama nilivyokueleza, kisha urudi. Ukirudi unanuka moshi, utarudi nyumbani."

Alikasirika, maana alikuwa ametoka mbali. Lakini aliacha. Anasema juma la kwanza lilikuwa gumu kuliko kuvunjika. Mkewe aliziondoa tumbaku zote ndani, akazipeleka kwa jirani.

Mwezi wa Desemba alipasuliwa. Daktari aliondoa nyama ngumu iliyojaa kati ya ncha. Alizichonga ncha kidogo kidogo, mpaka zikaanza kutoa vitone vidogo vya damu. Vitone hivyo humwambia daktari kwamba sasa amefika kwenye mfupa ulio hai. Kisha aliweka msumari. Mwisho alikwangua mfupa laini kutoka kwenye nyonga ya mgonjwa mwenyewe, kiasi cha vijiko kadhaa, akaupanga kuzunguka mahali palipovunjika. Mfupa wa mtu mwenyewe haukataliwi na mwili wake, tena una chembe hai za kujenga. Nyonga iliuma kwa majuma kadhaa. Wagonjwa wengi husema nyonga iliwauma kuliko mguu.

PENGO LIKIWA KUBWA

Ikiwa sentimita kadhaa za mfupa zimeoza na kutolewa, mbegu ya nyonga haitoshi. Kwa hali hiyo kuna fremu ya nje, yenye pete za chuma na nyaya zinazopita ndani ya mfupa. Aliyeibuni ni daktari Gavriil Ilizarov, katika mji wa Kurgan huko Siberia, miaka ya 1950.

Mmoja wa wagonjwa wake alikuwa Valeriy Brumel, mruka juu wa Kirusi aliyepata medali ya dhahabu katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964. Mwaka 1965 alikuwa abiria wa nyuma kwenye pikipiki, ikaanguka, na mguu wake ukasagika chini ya goti. Alipasuliwa mara nyingi kwa karibu miaka 3, mfupa ukawa na usaha na usiunge. Mwaka 1968 Ilizarov alimfunga fremu yake. Mguu uliunga, na Brumel akaruka tena zaidi ya mita 2.

Kwa njia hii daktari hukata mfupa mahali penye damu nzuri, mbali na pengo, halafu kipande husogezwa polepole kwa kugeuza nati. Husogea milimita 1 kwa siku, ikigawanywa mara 4. Nyuma yake mwili hujaza mfupa mpya. Pengo la sentimita 5 huzibwa kwa siku 50 hivi, lakini mfupa huo mpya ni laini, na fremu hukaa miezi mingi zaidi mpaka ukomae. Mgonjwa lazima asafishe matundu ya nyaya kila siku, la sivyo yatatoa usaha. Si kila mtu anaweza kuvumilia. Wapo wanaochagua kifaa cha kushika mguu na kuishi hivyo. Na wapo ambao mguu wao umeharibika mno, na kwao mguu wa bandia ni bora kuliko miaka 5 ya hospitali. Hayo ni mazungumzo ya mgonjwa na daktari wake, na mgonjwa anayo haki ya kuuliza gharama na muda kabla ya kukubali.

Mkulima wetu aliruhusiwa kukanyaga kwa magongo siku chache baada ya kupasuliwa, kwa sababu msumari ulikuwa umeushika mfupa. Alirudi kupiga picha baada ya majuma 6 na baada ya majuma 12, safari hii nauli ilichangwa na wenzake wa chama cha msingi. Mwezi wa Mei picha ilionyesha pande 3 zimeunga. Mguu wake ni mfupi kwa sentimita 1, na fundi viatu amemwongezea kisigino. Msumari bado umo ndani. Hautatolewa isipokuwa ukimletea maumivu au usaha.